Besi na kiki kwenye afrobiti: zipige pamoja, zijibizane, au zikutane mahali pachache?

Mpiga besi aliyekulia kwenye dansi au injili akiambiwa "shikana na kiki", kwa kawaida hufanya jambo moja. Anasikiliza mguu wa mpiga dramu unapotua, naye anatua hapohapo. Kwenye nyimbo nyingi hilo linatosha kabisa. Kwenye afrobiti hiyo ni njia moja tu kati ya tatu ninazozijua, na si ile ninayoipendekeza kwanza.

Afrobiti ninayoizungumzia ni ile ya Lagos, aliyoijenga Fela Kuti pamoja na mpiga dramu wake Tony Allen kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ikashika kasi miaka ya 1970 na bendi ya Africa 70. Sizungumzii muziki wa klabu wa sasa unaoitwa kwa jina linalokaribiana na hilo, ingawa mwishoni nitaugusa, kwa sababu wengi wanaotengeneza biti kwenye kompyuta wanachanganya mambo ya pande zote mbili.

Ili ulinganisho uwe wa haki nitatumia kiki ileile kwa njia zote tatu. Tempo ni mapigo 110 kwa dakika, ufunguo ni E maina. Duru moja ina mapigo manne, na kila pigo nimeligawa mara nne, hivyo kila duru ina hatua 16. Hatua moja hapo inachukua kama milisekunde 136. Nukta ni kimya. Kwenye snea, "o" ni pigo jepesi na "x" ni pigo zito.

```
             1...5...9...13..
Kiki         x.....xx..x.....
Snea         ...o........x...

Pamoja       E.....GA..E.....

Kujibizana   ..E.G....A...BD.

Kukutana 1   E.E..G....A.....
Kukutana 2   ....G.E.....B.D.
```

Hai-hati inatembea kwenye hatua zote za namba witiri, na inafunguka kidogo kwenye ya 15. Njia ya tatu ina mistari miwili kwa sababu besi yake inachukua duru mbili kabla ya kurudi mwanzo, wakati kiki inarudia kila duru. Kabla hujaendelea kusoma, gonga kiki kwa mguu na uimbe mistari ya besi kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine. Dakika tano za kufanya hivyo zitakueleza zaidi kuliko maelezo yangu.

Njia ya kwanza, kupiga pamoja, ndiyo rahisi kuitunga. Kiki iko kwenye 1, 7, 8 na 11, na besi iko palepale. Unachochagua ni noti tu. Faida yake inasikika mara moja. Kila kiki inapata mwili, na besi inapata kichwa chenye ncha, kana kwamba ni chombo kimoja kikubwa. Ukiwa na biti ya kompyuta ambayo kiki yake haibadiliki, na spika ndogo, njia hii itakufikisha haraka.

Tatizo lake linachelewa kujitokeza. Duru nane za kwanza ni tamu. Ikifika dakika ya tatu, sikio limeshajua kwamba besi haina neno jipya. Kila inachosema, kiki imeshakisema. Fela aliandika nyimbo za dakika kumi, kumi na tano na zaidi, ambamo besi inarudia sentensi yake fupi muda wote. Sentensi ya namna hiyo ikiwa ni kivuli cha kiki tu, wimbo unachoka mapema.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo inatoka kwenye namna muziki wenyewe ulivyotengenezwa. Fela alikuwa akitunga sehemu za besi, magitaa na vinanda vya kupuliza, kisha anamfundisha kila mtu kipande chake. Tony Allen alikuwa wa pekee. Yeye alijitungia dramu zake, na alipopiga alizungumza. Mguu wake ulitoka kwenye hailaifu na jazi, haukuwa mguu wa kutwanga pigo lilelile. Kiki iliongezeka, ikapungua, ikahama kidogo, ikarudi. Kwa hiyo kwenye afrobiti chombo kinachosimama imara ni besi na magitaa, na chombo kinachotembeatembea ni dramu. Wengi wetu tumefundishwa kinyume chake, kwamba dramu ndiyo nguzo na besi inaiegemea. Ukiipiga besi ya afrobiti kwa kuufuata mguu wa mtu anayezungumza, utakuwa unamkimbiza usiku kucha.

Nimelipata hilo mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunafanya mazoezi na mpiga dramu mzuri sana, kijana aliyekuwa amesikiliza kanda nyingi za Lagos. Mimi nilikuwa nimeandika besi iliyolala juu ya kiki yake, hatua kwa hatua, na nyumbani kwenye kompyuta ilikuwa inang'aa. Mazoezini, kwenye duru ya tano, akaisogeza kiki ya hatua ya 11 hadi ya 10. Ilikuwa jambo dogo, la kawaida kwake. Mimi nikapiga 11 kama ilivyoandikwa. Milisekunde 136 ni nyingi sana kwenye sauti za chini, na tulisikika kama watu wawili wanaojikwaa mlangoni. Nikajaribu kumfuata, na duru iliyofuata akawa amesharudi 11. Akaniambia, "Kaka, usinifuate. Wewe kaa, mimi nitakuja." Sijapata maelezo mafupi na sahihi zaidi ya hayo kuhusu besi ya muziki huu.

Njia ya pili, kujibizana, ni kinyume kamili. Besi haigusi kiki hata mara moja. Angalia mstari wake, 3, 5, 10, 14 na 15, zote zimo kwenye mapengo. Kiki inauliza, besi inajibu. Hatua ya 1 ni ya kiki peke yake, na hapo ndipo uzuri wake ulipo, kwa sababu besi inapoingia kwenye ya 3 inasikika kama mtu aliyesubiri mwenzake amalize. Mwili unajikuta unatembea wenyewe kujaza lile pengo. Wapigaji waliolelewa na rumba ya Kongo huipokea upesi, kwa kuwa kwenye sebene wameshazoea besi inayoruka mapigo na kuacha hewa.

Njia hii ni nzuri mnapokuwa wachache, yaani dramu, besi, gitaa moja na sauti. Hewa ipo, na besi inaweza kuitumia. Ukiwa na bendi kamili mambo yanabadilika. Afrobiti ya Lagos ilikuwa na magitaa zaidi ya moja. Kuna gitaa la ridhimu linalokwaruza, na kuna lile liitwalo gitaa la tenori, linalopiga kijisentensi cha noti moja moja kwenye sauti ya chinichini, jirani kabisa na besi. Ongeza kinanda, shekere na konga. Mapengo yaliyokuwa mali ya besi sasa yana wapangaji watatu. Besi inayokaa kwenye mapengo matupu inazikwa, na kiki inabaki uchi kwenye pigo la kwanza bila kitu cha kuishika chini. Ukisikiliza kutoka nyuma ya ukumbi utasikia tifutifu katikati na utupu chini.

Kasoro yake ya pili inaonekana mpiga dramu anapozungumza. Ile kiki iliyohamia 10 inakutana na noti A ya besi bila yeyote kukusudia. Kwa bahati inaweza kupendeza. Lakini maana ya mstari wote ilikuwa kutokugusana, na mguso mmoja wa bahati mbaya unasikika kama kosa, kwa sababu hakuna mguso mwingine wa kuulinganisha nao.

Sasa njia ya tatu, ambayo ndiyo naitumia na ndiyo nitakaa nayo zaidi. Besi na kiki zinakutana mahali pachache palipochaguliwa, na kwingineko kila moja inaenda zake. Kwenye mfano wetu, ndani ya duru mbili kiki inapiga mara nane. Besi inakutana nayo mara tatu tu, kwenye 1 na 11 za duru ya kwanza, na kwenye 7 ya duru ya pili. Basi. Hata hivyo ukiimba na kugonga mguu utahisi kwamba zimeshikana kuliko kwenye njia mbili zilizotangulia.

Sababu ni kwamba sikio halihesabu migongano, linangojea miadi. Pigo la kwanza la duru ya kwanza ni miadi kubwa: E na kiki pamoja, msingi umewekwa. Fanki ya James Brown, ambayo Fela aliisikiliza, inalisisitiza pigo hilo karibu kila duru. Hapa tunaliweka duru moja, tunaliacha inayofuata. Kwenye duru ya pili besi inanyamaza kabisa hadi hatua ya 5, na kiki inapiga pigo la kwanza peke yake. Msikilizaji anaingia kwenye shimo dogo, anainuka na G, anaokotwa na E pamoja na kiki kwenye ya 7. Kimya hicho ndicho noti muhimu kuliko zote kwenye mstari ule. Wapigaji wengi wanakijaza baada ya duru nne kwa sababu mkono unawasha. Usikijaze.

Angalia pia G iliyoko kwenye hatua ya 6 ya duru ya kwanza. Haijakutana na kiki, lakini imekaa mlangoni pake, hatua moja kabla ya ya 7. Besi inarusha, kiki inadaka, tena inadaka kwa mapigo mawili, 7 na 8. Ndiyo maana besi inanyamaza pale kwenye 7 na 8 za duru ya kwanza. Kiki ikipiga mara mbili mfululizo, iachie nafasi yote. Noti mbili za besi zilizobanana chini ya kiki mbili zilizobanana zinatoa uvimbe, na hilo ndilo doa la mstari wa njia ya kwanza pale kwenye G na A.

Mwishoni mwa duru ya pili, B inaangukia 13 pamoja na snea nzito, na D kwenye 15 inapanda kurudi E pale hai-hati inapofunguka. Hivyo besi ina miadi na snea pia. Usisahau kwamba kushikana si kwa kiki peke yake. Mpiga dramu ana viungo vinne.

Tumpe mpiga dramu ruhusa ya kuzungumza tena. Akiihamisha kiki ya 11 kwenda 10 katika duru ya kwanza, tunapoteza miadi moja kati ya tatu. A yetu inabaki peke yake kwenye 11, na sasa inasikika kama jibu la kiki yake. Miadi ya 1 na ya 7 bado ipo, na hakuna aliyejikwaa. Akiiacha kiki ya 8, sisi hatukuwepo pale. Akiongeza kiki kwenye 14, anaingia kati ya B na D zetu. Mstari unabeba mabadiliko yake bila sisi kubadilisha chochote, na hapo ndipo njia hii inazishinda nyingine mbili mbele ya mpiga dramu wa kweli.

Gharama yake ni kazi ya kutunga. Huwezi kubahatisha. Mimi huanza kwa kumwomba mpiga dramu apige dakika mbili peke yake, nairekodi, kisha naandika ni kiki zipi haziondoki hata anapochangamka. Karibu kila mpiga dramu ana mbili au tatu za namna hiyo. Hizo ndizo miadi. Zile zinazokuja na kuondoka nazikwepa. Kwa yule kijana wetu, ya 1 na ya 7 zilikuwa hazibanduki, ya 11 ilikuwa inatembea. Ndiyo sababu 11 inaguswa duru moja tu kati ya mbili.

Kuna jambo la mahali pa kushika ambalo linaamua kama miadi itasikika. Kwenye besi ya nyuzi nne, mstari huu wote upo kati ya freti ya 5 na ya 7. E ipo uzi wa A freti ya 7, D uzi huohuo freti ya 5. G ipo uzi wa D freti ya 5, A uzi huohuo freti ya 7. B ipo uzi wa E freti ya 7. Mkono hauhami. Lakini zaidi ya urahisi, E ya hapo ina mitetemo 82 kwa sekunde, wakati E ya uzi mtupu ina 41. Kiki nyingi zina kishindo chao karibu na 50 hadi 60. Ukipiga E ya uzi mtupu juu ya kiki, zinagombania sakafu moja, na kinachobaki ni mngurumo. Ukipiga ya 82, kiki inakaa chini, besi inakaa juu yake, na unazisikia zote mbili kwa wakati mmoja. B yetu ina mitetemo 62 hivi, inaingia kwenye eneo la kiki, na kwa makusudi nimeiweka kwenye 13 ambapo kiki haipo. Ukiihamishia B kwenye 7 utasikia mara moja inavyofunikwa.

Halafu urefu wa noti. Hapa ndipo mistari mizuri mingi inaharibika, kwa njia yoyote utakayochagua. A ya hatua ya 11 iache iishi hatua mbili, yaani takriban robo sekunde, kisha ikate kabla snea ya 13 haijagonga. Ukiiacha ivume hadi 16, snea inapoteza makali, na shimo la pigo la kwanza la duru ya pili halitakuwepo tena kwa sababu A bado inanguruma ndani yake. Kata kwa kulegeza kidole cha kushoto bila kukiondoa juu ya uzi, na vidole vingine vilale kuzuia nyuzi jirani. G ya 6 iwe fupi kabisa, imalizike kiki ya 7 inapoingia.

Utajuaje kwamba zimeshikana? Rekodi kiki na besi tu, zima vyote vingine, na usikilize kwa vifaa vya masikioni; spika ya simu haitoi sauti hizo za chini, itakudanganya. Sikiliza miadi. Kama pale kwenye 1 unasikia "du-dum", mmoja wenu anawahi. Tofauti ya milisekunde 30 hivi inatosha kuleta hiyo kasoro. Tazama basi mawimbi kwenye skrini: kama besi inachelewa kila mara kwa kiasi kilekile kidogo, huo ni mtindo wako na unaweza kubaki. Kama mara inawahi mara inachelewa, fanya mazoezi ya miadi peke yake, noti tatu tu katika duru mbili, mpaka zitulie, ndipo urudishe nyingine.

Jaribio la pili ni la uchovu. Piga mstari uleule dakika nane bila kubadilisha. Ukianza kutamani kuongeza noti kwenye dakika ya pili, mara nyingi mstari una noti nyingi mno na hauna kimya cha kutosha. Punguza. Mstari wetu ulikuwa na noti kumi na moja nilipouandika mara ya kwanza, sasa zimebaki nane.

Kwa anayechagua sasa hivi: ukiwa na mpiga dramu anayejua kuzungumza, na magitaa mawili au zaidi, chukua kukutana, hata kama itakugharimu jioni nzima kuutunga. Ukiwa na bendi ndogo ya watu watatu au wanne na nafasi tele, jaribu kujibizana, lakini mwombe mpiga dramu azitulize kiki zake, na umpe gitaa kazi ya kulishika pigo la kwanza. Kupiga pamoja nakuwekea sehemu mbili. Ya kwanza ni biti ya kompyuta ya mtindo wa sasa, ambayo kiki yake ni chache na haihami. Hapo hakuna wa kumkimbiza, na uzito ndio unaotafutwa. Ya pili ni ndani ya wimbo uliojengwa kwa kukutana: vinanda vya kupuliza vinapoingia kwa kishindo, besi na kiki zinaungana hatua zote kwa duru nne, kisha zinaachana tena. Kwa kuwa watu wameshakaa dakika tano kwenye ile miadi michache, muungano huo unawapiga kifuani.

Na kama unatengenezea kwenye kompyuta lakini unataka ladha ya Lagos, andika besi ya kukutana kwanza, iache bila kuigusa, halafu uzihamishe kiki. Kila duru ya nne sogeza ile ya 11 hatua moja nyuma, kila duru ya nane ondoa ya 8, na punguza nguvu za kiki zote isipokuwa zile za miadi. Usizipange zote ziwe na nguvu sawa, kwa kuwa mguu wa mtu haupigi hivyo.